Pochi au jaketi la leza feki linamenyuka: jinsi ya kulirudisha, na jinsi ya kujua kwamba limeshaisha

Kabla hujanunua rangi wala gundi, tafuta selotepu. Ile ya kawaida ya kuwekea karatasi, ya uwazi. Najua umekuja hapa kutafuta dawa ya kupaka, ila kazi nyingi za leza feki zinaharibika sababu mtu ameanza kupaka kitu ambacho kilishakufa, alaf baada ya wiki mbili rangi inatoka na ngozi yenyewe na hela imeenda.

Mi niko Dar, nimeanza hii kazi kwa pochi zangu mwenyewe, baadae majirani wakaanza kuleta. Ya kwanza niliiua kwa supa glu. Niliona ukingo umeinuka nikatia tone moja, ikashika fasta nikafurahi, kesho yake pembeni pamekuwa na ukungu mweupe hautoki, na pale penye gundi pamekuwa pagumu kama ukucha, nikikunja pochi inapasuka pembeni ya gundi. Supa glu ikikauka haikunjiki, leza inakunjika, kwaiyo hivyo viwili haviendani kabisa.

Tuanze na kujua una kitu gani mkononi. Leza feki ni kitambaa ambacho juu yake wamemwaga utando wa plastiki, wakaugandamiza mistari ili ufanane na ngozi. Huo utando kwenye pochi na majaketi mengi ni PU, yaani poliurethani, mwembamba sana, mara nyingi hata nusu milimita haufiki. Mwingine ni PVC, ule mzito, mgumu kidogo, una harufu ya plastiki kama mpira wa kuchezea mpya, unaukuta sana kwenye mabegi ya safari na viti. Angalia lebo ndani ya bitana, mara nyingi wameandika. Kuna na ile ambayo lebo inasema ngozi ya kweli ila ya kuunganisha, ambayo ni makombo ya ngozi yaliyosagwa yakagandishwa alaf juu yake wakaweka utando huohuo wa PU. Usidanganyike na neno ngozi hapo, hiyo inamenyuka kama wenzake.

PU inakufa kwa unyevu. Sio lazima uloweshe, ule unyevu wa hewani tu unatosha, unaingia polepole ndani ya utando na kukata minyororo inayoushikilia, na kila inapokatika inatoka asidi kidogo inayofanya ikatike zaidi. Wenyewe wanaita haidrolisisi. Ndo maana viatu vya sherehe ulivyovitunza kwenye boksi miaka, siku ya harusi unavivaa unafika mlangoni soli imeshakuwa unga. Hujavitumia lakini vimeoza vyenyewe, soli nyingi za hivyo ni PU. Viwandani wanaipima hii kwa kufungia kipande kwenye kabati lenye joto la digrii 70 na unyevu wa asilimia 95 kwa wiki kadhaa waone kama kitapona. Sa ukifikiria kabati la nguo la Dar au Mombasa mwezi wa nne, mvua inanyesha na joto lipo, ni jaribio hilohilo tu, ila linaenda taratibu.

PVC ina shida yake nyingine. Ile ni plastiki ngumu kwa asili, inalainishwa kwa mafuta maalum yanayochanganywa kiwandani, na miaka ikienda hayo mafuta yanatoka. Kwaiyo haimenyuki magamba, inakauka alaf inapasuka mipasuko mirefu inayoingia mpaka kwenye kitambaa. Wakati mwingine kabla ya hapo inaanza kunata.

Sa turudi kwenye selotepu, sababu hapa ndo hukumu.

Kumenyuka kuna aina mbili na kwa macho zinafanana. Kuna kumenyuka kwa kuchakaa, yani pale panaposuguliwa: kona za chini za pochi, mshikio, mdomo wa mfuko, kola ya jaketi, kwapa. Utando ulio sehemu nyingine bado mzima. Hii inatengenezeka. Alaf kuna kumenyuka kwa kuoza, utando wote umeshaachia kitambaa na pale unapoona magamba ni pale tu palipoanza. Hii hakuna dawa, na usikubali mtu akuuzie dawa.

Fanya hivi. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Kata selotepu kama urefu wa kidole, bandika sehemu ambayo inaonekana nzima na haiguswi guswi, mfano chini ya kifuniko cha pochi, au mgongoni kwa jaketi karibu na kiuno. Sugua na ukucha ishike vizuri, subiri kama nusu dakika, alaf ivute kwa haraka ukiwa umeikunja nyuma. Iangalie kwenye mwanga. Kama ina vumbi tu au haina kitu, vizuri. Kama imekuja na vipande vya rangi, vimekaa kama magamba ya dagaa, na pale ilipotoka unaona kitambaa, basi utando umeachia. Rudia sehemu tatu tofauti, usihukumu kwa moja.

Zote tatu zikitoka safi, endelea na kutengeneza. Zikitoka na magamba hata kwenye sehemu ambazo hazijawahi kusuguliwa, imeisha. Ikitoka na magamba karibu na jeraha tu lakini mbali iko safi, una kazi ya kati kwa kati, itabidi ukate zaidi mpaka ufike palipo pazima.

Kuna vitu viwili vingine vya kuangalia. Finya ngozi ikunjike, iachie: kama mkunjo unabaki na vimistari vyeupe vingi vyembamba, utando umeshakakamaa na utapasuka karibuni hata kama leo selotepu imetoka safi. Na gusa kwa kiganja, kama inanata kama pipi iliyoyeyuka, acha kabisa, hapo juu hakishiki kitu chochote.

Sasa kazi yenyewe. Ntaeleza kwa pochi moja ya dada wa jirani, nyeusi, ya PU, kama miaka miwili hivi. Alikuja nayo akasema "fundi, niambie ukweli, nitupe?" Ilikuwa na kona mbili za chini zimetoka mpaka kitambaa, kila moja ukubwa wa sarafu ya mia mbili, ukingo wa kifuniko umeinuka kama sentimita tatu lakini haujakatika, na pale mshikio unapoungana na pochi pana nyufa. Selotepu tatu, zote safi. Nikamwambia kona nazirudisha, kifuniko nakirudisha, mshikio siahidi.

Kusafisha. Maji kidogo yenye tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa kiwe na unyevu tu kisidondoke, futa yote, alaf futa na kitambaa cha maji matupu, anika kivulini. Kama mtu alishapaka kiwi, vaselini au mafuta ya nazi, na asilimia kubwa ya wanaoleta walishapaka, hapo ndo unahitaji spiriti. Chovya kijiti cha pamba cha masikioni kwenye spiriti ya dukani la dawa, jaribu kwanza sehemu iliyojificha uone kama rangi inakuja kwenye pamba, kama haiji sana futa pale unapotengeneza tu, mara moja au mbili, haraka. Usiloweke. Hayo mafuta kwenye leza feki hayaingii popote, ile ni plastiki haina vitundu kama ngozi ya ng'ombe, yanakaa juu yanang'aa siku mbili na baada ya hapo kazi yake ni kuzuia gundi na rangi zisishike. Asetoni na thina usisogeze kabisa, zinaweza kuyeyusha utando.

Kukata. Chukua mkasi mdogo wa kucha, kata kila kipande kilicholegea mpaka ufike ukingo ambao ukiugusa na ncha ya kucha hauinuki. Usivute. Ukivuta gamba linaenda na utando mzima, na jeraha la sarafu linakuwa la kiganja, hii nimeifanya mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Ukimaliza bandika selotepu pembeni ya ukingo tena uone kama umefika pazima.

Kulainisha ukingo. Hapa watu wanaruka alaf wanashangaa kwanini kazi inaonekana kama kiraka. Utando uliobaki una ngazi, unashuka ghafla kwenda kwenye kitambaa, na rangi haifichi ngazi, inaionyesha zaidi. Chukua msasa mwembamba, namba 400, kata kipande kidogo kama cha stempu, sugua ukingo taratibu kwa mzunguko mpaka ukipitisha kidole hausikii kona. Malizia na namba 600. Futa vumbi na spiriti kidogo. Pembeni ya jeraha weka tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi ili usichubue pazima, ila uibandue taratibu.

Kubandika kilichoinuka. Ule ukingo wa kifuniko ambao ulikuwa haujakatika sikuukata, niliugundisha. Tumia gundi ya nguo inayobaki laini ikikauka, ile ya maji. Gundi ya viatu ya kopo nayo inashika, ila ina vimiminika vikali, ukiweka nyingi inavimbisha utando, kwaiyo ukitumia iwe nyembamba mno, paka pande zote mbili kwa kijiti cha meno, subiri kama dakika kumi mpaka ukigusa haitoki kwenye kidole, ndo ukandamize. Kilichotokea nje kifute palepale. Weka karatasi ya nailoni juu, alaf kitabu kizito, acha usiku mzima.

Kujaza. Kwa kona za ile pochi sikutumia filla sababu kina kilikuwa kidogo, matabaka ya rangi yenyewe yalitosha. Ukiwa na shimo au ufa unaohisi na ukucha ndo utahitaji filla ya ngozi, ile laini ya kwenye kichupa au kitubu, sio filla ya ukuta wala ya mbao, hizo zinakuwa jiwe. Ipake kwa kadi ya simu ya zamani, tabaka jembamba, iache ikauke kabisa, ongeza lingine. Matabaka matatu membamba yanakunjika, moja nene linapasuka. Msasa wa 600 ukimaliza.

Rangi. Tafuta rangi ya akriliki ya ngozi, ile vijana wanayotumia kuchora raba. Rangi ya akriliki ya shule ya kuchorea picha inashika vizuri siku ya kwanza, ila ikikunjwa inapasuka, na ile rangi ya viatu ya spiriti imetengenezwa iingie kwenye ngozi halisi, kwenye plastiki haina pa kuingia, itakupaka nguo nyeupe. Na nyeusi sio nyeusi moja, jamani. Ile pochi ilikuwa na ukahawia kwa mbali, ukiiweka kivulini huoni ila juani inaonekana. Paka rangi yako kwenye karatasi, subiri ikauke kwanza, sababu mbichi na kavu hazifanani, alaf iweke juu ya pochi uangalie dirishani. Mi niliongeza kahawia tone moja kwenye kama kijiko cha nyeusi ikakaa.

Usitumie brashi. Kata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, chovya kidogo, gonga kwenye gazeti mpaka ibaki inakaribia kukauka, alaf gongagonga kwenye jeraha ukienda nje kidogo ya ukingo. Sponji inaacha vipele vidogo vidogo vinavyofanana na mistari ya leza, brashi inaacha michirizi. Tabaka la kwanza litaonekana baya, kitambaa kinainyonya, usiogope na usiongeze nene. Mi kona zilichukua matabaka matano, kila moja kama nusu saa ya kukauka, ukiwa na draya weka upepo wa baridi. Kati ya tabaka la tatu na la nne pitisha msasa wa 600 kidogo tu.

Mwisho unapaka ya kufungia, ile ya uwazi ya hizohizo rangi za ngozi, matabaka mawili. Chagua isiyong'aa sana, kiraka kinachong'aa kuliko pochi kinaonekana toka ng'ambo ya barabara. Acha siku nzima bila kuikunja, na mvua usiipeleke kwa wiki nzima.

Ile kazi nilianza Jumamosi asubuhi nikamrudishia Jumapili jioni. Kona mpaka leo zipo, na ni zaidi ya nusu mwaka. Mshikio ulipasuka tena baada ya kama miezi mitatu, palepale. Rangi yoyote hata iwe nzuri vipi, sehemu inayokunjwa kila siku kwa uzito wa pochi haitadumu, na pale kwenye kiwiko cha jaketi ni hivyohivyo. Dawa ya mshikio ni kwa fundi wa mabegi, anauvisha leza mpya au anaubadilisha wote, na ndo alichofanya. Mweleze mteja, au jieleze mwenyewe, kabla hujaanza.

Kama una PVC iliyopasuka, kanuni ni hiyohiyo ila ufa unapita mpaka chini, kwaiyo kabla ya kujaza ingiza kipande cha kitambaa chembamba kwa nyuma ya ufa ukitumia kibano, ukigandishe kwa gundi laini, uvute midomo ya ufa ikutane, ndo ujaze. Bila hicho kitambaa, filla haina pa kukaa na itazama.

Sasa kuhusu jaketi la shemeji yangu. Jaketi la mtumba, kahawia, alinunua akiwa anaenda Mbeya kwenye baridi, lilikuwa zuri kweli ukiliangalia kwenye hanga. Baada ya miezi michache kola ikaanza kumenyuka, akaja nalo akasema ni kola tu. Kola na kwapa mara nyingi ndo zinatangulia sababu ya jasho na mafuta ya nywele, kwaiyo hata mi nilidhani ni kuchakaa. Nikabandika selotepu mgongoni, pazima kabisa kwa macho. Ikatoka na gamba la urefu wa selotepu yenyewe. Nikabandika ndani ya mfuko, gamba. Nikamwambia, "Shemeji, hili limeoza lote, kola imewahi tu." Akasema "we paka tu bana, ntalivaa hivohivo." Nikapaka, sababu ni shemeji. Ilikaa siku kama kumi na mbili. Rangi ilitoka ikiwa imeshika vizuri sana, tatizo ilikuwa imeshika kwenye utando ambao wenyewe haujashika kitu. Na kila akikaa kwenye kochi anaacha makombo ya kahawia, dada yangu ndo akalimaliza.

Kwaiyo mtumba wa leza feki, selotepu uende nayo sokoni, muuzaji atakuangalia vibaya lakini ndo hivyo. Bandika chini ya kola. Hujui hilo jaketi limeshakaa kwenye marobota na makontena miaka mingapi, umri wake hauanzi siku ulipolinunua wewe.

Ulilo nalo zima, lisifungwe kwenye mfuko wa nailoni, huo unafungia unyevu ndani pamoja nalo. Litundike pasipobanwa, pochi ijaze magazeti isikunjike, na likinyeshewa futa na anika kivulini, sio juani wala kwenye buti la gari.

Lililoisha usilichome na takataka za uani. PVC ikiungua inatoa moshi wenye asidi, na PU inatoa hewa yenye sianidi, sio utani, na watoto wako hapohapo wanachezea moto. Kabla ya kulitupa toa vya maana: zipu ya chuma, vishikizo, bitana kama ni nzima, vyuma vya mkanda. Lile jaketi la shemeji zipu yake iko kwenye begi la shule la mtoto wake, na ndo kitu pekee kwenye lile jaketi kilichokuwa cha kweli.